Mashariki Peke Yake, Kaskazini Peke Yake: Namna ya Kujumlisha Vekta

Mita 400 na mita 300 zikijumlishwa huwa mita 700. Hilo halina ubishi kwa kamba mbili zilizofungwa ncha kwa ncha, lakini mwendo una mambo yake. Mtu akitembea mita 400 kwenda mashariki, kisha akakata kona na kwenda mita 300 kaskazini, miguu yake imemaliza mita 700 ilhali yeye mwenyewe yuko mita 500 tu kutoka alipoanzia. Angegeuka nyuma na kurudi magharibi badala ya kwenda kaskazini, mita zilezile 300 zingemwacha mita 100 tu kutoka mwanzo. Jumla ya miendo hiyo miwili yaweza basi kuwa chochote kati ya mita 100 na mita 700, na kinachoamua ni uelekeo. Vitu vya namna hii, ambavyo ukubwa wake haujitoshelezi mpaka uelekeo wake utajwe, huitwa vekta. Mwendo kutoka nukta moja hadi nyingine ni vekta. Kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, nayo ni vekta.

Ile mita 500 hupatikana kwa kanuni ya Pithagorasi: 400 kwa 400 ni 160,000, 300 kwa 300 ni 90,000, jumla yake ni 250,000, na kipeuo chake cha pili ni 500. Kanuni hiyo inakubali kwa sababu mwendo wa kwanza na wa pili vimekutana kwa pembe mraba. Shida huanza pale mwendo wa pili unapokwenda mshazari, kwa mfano mita 300 katika pembe ya nyuzi 40 kutoka mashariki kuelekea kaskazini. Hapo pembetatu inayochorwa si pembetatu mraba tena, na Pithagorasi hawezi kuitwa moja kwa moja.

Njia mojawapo ni kuchora. Mtu huchukua rula na kipimapembe, akachora mistari miwili kwa kipimo maalumu, kisha akapima mstari unaounganisha mwanzo na mwisho. Njia hiyo ni halali, na kwa kuona picha ya jambo hakuna inayoipita. Lakini kwa kipimo cha 1 kwa 1,000, unene wa ncha ya penseli wa nusu milimita tayari ni nusu mita ardhini, na miendo ikiwa kumi makosa ya penseli huwa yamerundikana. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kila siku hawategemei mchoro.

Wao huuvunja kila mwendo wa mshazari katika sehemu mbili: moja ya mashariki, moja ya kaskazini. Mita 300 za mshazari zinachukuliwa kuwa upande mrefu wa pembetatu mraba. Upande wa mashariki ni 300 mara kosini ya nyuzi 40, yaani 300 × 0.7660, ambayo ni mita 229.8. Upande wa kaskazini ni 300 mara sini ya nyuzi 40, yaani 300 × 0.6428, ambayo ni mita 192.8. Aliyekwenda mshazari mita 300 na aliyekwenda mita 229.8 mashariki kisha mita 192.8 kaskazini wanakutana kwenye nukta ileile. Kwa hiyo mwendo wa mshazari unaweza kuondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na hiyo miwili, bila mahali pa kufikia kubadilika.

Baada ya hapo kujumlisha ni rahisi. Mashariki kuna 400 za mwendo wa kwanza na 229.8 za mwendo wa pili, jumla 629.8. Kaskazini kuna sifuri za mwendo wa kwanza na 192.8 za wa pili, jumla 192.8. Jumla hizi mbili zimekutana kwa pembe mraba, na sasa Pithagorasi anakaribishwa tena: kipeuo cha pili cha (629.8² + 192.8²) ni karibu mita 659. Uelekeo hutoka kwenye uwiano wa 192.8 kwa 629.8, ambao ni 0.306. Pembe ambayo tanjenti yake ni 0.306 ni nyuzi 17. Mtu huyo yuko mita 659 kutoka mwanzo, nyuzi 17 kaskazini ya mashariki.

Kinachoruhusu safu hizo mbili kujumlishwa kila moja kivyake ni kwamba hazichangiani. Hatua ya kwenda kaskazini haimsogezi mtu mashariki hata sentimita moja, na ya kwenda mashariki haimwongezei kaskazini chochote. Miendo ikiwa mia moja, kila mmoja unatoa fungu lake kwenye safu ya mashariki na fungu lake kwenye safu ya kaskazini. Mpangilio nao hauna kazi: aliyeanza na mwendo wa tano akamalizia na wa kwanza atafika palepale, kama vile 3 na 5 zisivyojali ipi imetangulia.

Mabaharia waliitumia akili hii mapema. Atlasi ya Andrea Bianco wa Venisi, ya mwaka 1436, ina jedwali la kumsaidia nahodha ambaye upepo umemnyima njia yake. Jedwali hilo linamwonyesha, kwa kila kiasi cha kupotoka, amesonga mbele kiasi gani katika njia aliyoikusudia na amesogea kando kiasi gani. Manahodha wa Kiarabu wa Bahari ya Hindi, ambao Ahmad ibn Majid wa Julfar ndiye mashuhuri wao wa karne ya 15, walikuwa na hesabu ya umbali ambao chombo kinapaswa kwenda katika kila mlango wa dira ili nyota ya kaskazini ipande kidole kimoja kutoka upeo wa macho. Chombo kinachokwenda kaskazini moja kwa moja hupata kidole hicho kwa safari fupi, na kinachokwenda mshazari hukipata kwa safari ndefu zaidi. Hiyo ni safu ya kaskazini, imeandikwa kwa vidole badala ya maili.

Mahali ambapo hesabu hii inaonekana vizuri kuliko pote, hata hivyo, ni kwenye upimaji wa viwanja, kwa sababu huko jibu linajulikana kabla ya kazi kuanza. Mpima ardhi anayekizunguka kiwanja kutoka bikoni hadi bikoni mwishowe anarudi kwenye bikoni aliyoanzia. Mwendo wake wote, ukichukuliwa kama vekta, ni sifuri. Safu ya mashariki lazima ijumlike kuwa sifuri, na safu ya kaskazini vivyo hivyo. Zisipofanya hivyo kuna kosa, na ukubwa wa kosa umejiandika wenyewe.

Wapima ardhi hawahesabu pembe kutoka mashariki kama wafanyavyo walimu wa hisabati. Wao huanzia kaskazini na kuzunguka kwa mkono wa kulia, kama mshale wa saa: kaskazini ni 0, mashariki 90, kusini 180, magharibi 270. Badiliko hilo dogo linabadilishana kazi za sini na kosini. Sehemu ya mashariki sasa ni umbali mara sini, na sehemu ya kaskazini ni umbali mara kosini. Hakuna kosa linalorudiwa na wanafunzi kuliko kukariri kwamba kosini ni ya mlalo, kisha kuitumia hivyo popote. Kosini ni ya upande unaogusana na pembe iliyopimwa. Pembe ikipimwa kutoka mashariki, upande huo ni wa mashariki; ikipimwa kutoka kaskazini, ni wa kaskazini.

Faida ya pembe za dira ni kwamba alama za kutoa hujileta zenyewe. Kwenda kusini ni kwenda kaskazini kwa kiasi hasi, na kwenda magharibi ni kwenda mashariki kwa kiasi hasi. Kosini ya nyuzi 195.5 ni hasi na sini yake pia ni hasi, kwa hiyo kikokotoo kinatoa chenyewe sehemu mbili hasi kwa mwendo unaoelekea kusini magharibi. Ila kikokotoo kinapaswa kuwa kimewekwa kwenye DEG, si RAD. Kipimo cha haraka ni kukiuliza sini ya 30: kisipojibu 0.5, hesabu zote zitakazofuata ni upuuzi.

Kiwanja cha mfano kina bikoni nne: A, B, C na D. Pembe zimesomwa kwa dira mpaka nusu ya nyuzi, na umbali umepimwa kwa tepu mpaka desimita. Kutoka A hadi B ni mita 99.6 katika nyuzi 17.5. Kutoka B hadi C ni mita 88.2 katika nyuzi 106.5. Kutoka C hadi D ni mita 93.5 katika nyuzi 195.5, na kutoka D kurudi A ni mita 92.1 katika nyuzi 282.5. Kila umbali ukizidishwa kwa sini na kosini ya pembe yake, daftari linakuwa hivi:

| Mwendo | Mashariki (m) | Kaskazini (m) |
|---|---|---|
| A–B | 29.95 | 94.99 |
| B–C | 84.57 | −25.05 |
| C–D | −24.99 | −90.10 |
| D–A | −89.92 | 19.93 |
| Jumla | −0.39 | −0.23 |

Jumla hazikuwa sifuri. Kwa mujibu wa vipimo hivi, mpimaji alipodhani amerudi A alikuwa sentimita 39 magharibi yake na sentimita 23 kusini yake. Pithagorasi anasema hiyo ni sentimita 45 kutoka bikoni. Mzingo mzima ni mita 373.4, kwa hiyo kosa ni mita moja katika kila mita 830 hivi. Kwa dira ya mkononi na tepu hilo si jambo la kushangaza. Nusu ya nyuzi katika mwendo wa mita 90 peke yake ni karibu sentimita 80 za kwenda kando. Kwa vyombo vya kisasa vinavyopima umbali kwa mwanga, kosa la namna hii lingemrudisha mpimaji kiwanjani siku hiyohiyo.

Kosa dogo namna hiyo haliachwi likae kwenye mwendo wa mwisho, kwani D–A haina hatia zaidi ya wenzake. Mwaka 1808 jarida la hisabati la Marekani, The Analyst, lilitoa swali lililoletwa na Robert Patterson kuhusu shamba ambalo vipimo vyake havikufunga, na zawadi ikachukuliwa na Nathaniel Bowditch, mtu wa bahari aliyekuwa tayari anajulikana kwa kitabu chake cha mabaharia cha mwaka 1802. Kanuni yake bado inafundishwa: kila mwendo upewe fungu la kosa kulingana na urefu wake. Katika kiwanja hiki mashariki kunakosekana 0.39, na A–B, ambao ni mita 99.6 kati ya 373.4, unapata nyongeza ya 0.10. B–C inapata 0.09, C–D 0.10 na D–A 0.10. Kaskazini kunakosekana 0.23, na mafungu yake kwa mpangilio huohuo ni 0.06, 0.05, 0.06 na 0.06. Safu zote mbili sasa ni sifuri kamili. Haina maana kwamba vipimo vimekuwa sahihi. Maana yake ni kwamba kosa lililokuwapo limegawanywa kwa haki, na mchoro utafunga.

Kutoka hapo maswali mengine ya kiwanja yanajibika bila kurudi uwandani. Tuseme katikati kuna bonde la majimaji na tepu haiwezi kunyooshwa kutoka A hadi C. Miendo iliyosahihishwa ya A–B na B–C inatosha. Mashariki ni 30.05 na 84.66, jumla 114.71. Kaskazini ni 95.05 na kutoa 25.00, jumla 70.05. Umbali wa A hadi C ni kipeuo cha pili cha (114.71² + 70.05²), mita 134.4. Uwiano wa mashariki kwa kaskazini ni 1.6375, na pembe yenye tanjenti hiyo ni nyuzi 58.6.

Anayetaka uelekeo wa kutoka C kwenda A atapata mashariki −114.71 na kaskazini −70.05. Hasi kwa hasi zinafutana, uwiano unabaki 1.6375, na kikokotoo kinarudia kusema nyuzi 58.6. Si kweli. Sehemu zote mbili ni hasi, maana yake mwendo unaelekea kusini magharibi, na pembe sahihi ni 58.6 kuongeza 180, yaani 238.6. Tanjenti haiwezi kutofautisha kwenda na kurudi. Anayeandika jibu la pembe bila kwanza kutazama alama za safu zake mbili atatuma watu upande wa pili wa dunia akiwa na hesabu safi kabisa.

Makosa makubwa yana sura zake, na mtu aliyezoea daftari huzitambua. Tuseme alama ya kutoa ya C–D imesahaulika kwenye safu ya mashariki, ikaandikwa 24.99. Jumla ya mashariki inaruka hadi 49.59, huku kaskazini ikibaki ileile −0.23. Kosa lililolala kwenye safu moja tu linanusa alama iliyopotea. Nusu ya 49.59 ni 24.8, na ukitazama safu ya mashariki namba iliyo karibu na hiyo ni ya C–D. Kosa limekamatwa bila mtu kutoka kitini. Kosa la alama huonekana mara mbili ya thamani yake kwa sababu kilichopaswa kutolewa kimeongezwa.

Sura nyingine ni ya umbali uliosomwa vibaya. Mshika tepu akiruka mita kumi kwenye C–D, na 93.5 ikaandikwa 83.5, jumla zinakuwa 2.29 mashariki na 9.41 kaskazini. Kosa zima ni mita 9.7, karibu kumi, na hilo peke yake ni dokezo. Uelekeo wake ni karibu nyuzi 14, nao unakaribiana na mstari wa C–D ukisomwa kinyume, ambao ni nyuzi 15.5. Kosa la urefu hulala sambamba na mwendo uliokosewa. Katika kiwanja hiki, bahati mbaya, A–B nayo inaelekea nyuzi 17.5, na daftari haliwezi kuamua kama C–D imefupishwa au A–B imerefushwa. Viwanja vingi vina pande zinazokaribia kuwa sambamba, kwa hiyo hali hii ni ya kawaida. Hata hivyo zimebaki pande mbili za kupima upya badala ya nne.

Kuna makosa ambayo safu hazitayasema kamwe. Tepu ya mita 30 iliyovutika ikawa ndefu kwa sentimita tatu itapunguza kila umbali kwa sehemu ileile, na namba zote za safu zote mbili zitapungua pamoja. Sifuri iliyopunguzwa kwa sehemu moja katika elfu bado ni sifuri. Kiwanja kitafunga vizuri kabisa na kitakuwa kidogo kuliko kilivyo. Vivyo hivyo dira ambayo sindano yake imehama nyuzi mbili kila mahali itazungusha mchoro mzima bila kuufungua. Tofauti ni dira inayovutwa kwenye bikoni moja tu, labda kwa kuwa imesimama jirani na banda la mabati au nguzo ya chuma. Hiyo hugunduliwa kwa kusoma kila mstari pande zote mbili: kwenda na kurudi zinapaswa kutofautiana kwa nyuzi 180. Mwanya ukianzia kwenye bikoni fulani na kuonekana katika mistari yote inayoigusa, dira imepotoshwa hapo.

Mlima nao una lake. Mita zinazoingia kwenye safu za mashariki na kaskazini ni mita za tambarare. Tepu iliyolazwa juu ya mteremko wa nyuzi 10 ikasoma mita 30 imepima kitu chenye sehemu ya tatu, ya kwenda juu. Sehemu ya mlalo ni 30 mara kosini ya 10, mita 29.54. Sentimita 46 zimemezwa na kilima, na mpimaji asiyezitoa atakuwa anaongeza ardhi isiyokuwapo. Katika safari ndefu, dunia yenyewe kuwa mviringo huingilia kati. Nyuzi moja ya longitudo kwenye ikweta ni kilomita 111, lakini kwenye latitudo ya nyuzi 60 ni nusu ya hiyo. Kwa kiwanja, mtaa au hata mji mmoja, safu mbili zinatosha.

Kani hujumlishwa kwa daftari hilohilo. Badala ya mita kunaandikwa niutoni, na badala ya kurudi kwenye bikoni kuna kutulia: kitu kisichosogea ni kitu ambacho kani zake zote zimejumlika kuwa sifuri katika kila safu. Mfano unaoonekana barabarani ni nguzo ya umeme ya kwenye kona. Nguzo iliyo katikati ya mstari ulionyooka inavutwa sawa pande mbili. Ya kwenye kona haina bahati hiyo, na ndiyo maana karibu kila mara ina waya wa chuma ulioshikizwa ardhini upande mmoja.

Tuseme waya mmoja unaivuta nguzo kwenda magharibi kwa niutoni 2,000, na mwingine unaivuta kwa niutoni 2,000 pia katika uelekeo wa nyuzi 50. Waya wa kwanza unaandikwa mashariki −2,000, kaskazini 0. Wa pili una mashariki 2,000 mara sini ya 50, yaani 1,532, na kaskazini 2,000 mara kosini ya 50, yaani 1,286. Jumla ni mashariki −468 na kaskazini 1,286. Ukubwa wake ni karibu niutoni 1,368, na uelekeo ni nyuzi 20 magharibi ya kaskazini, yaani nyuzi 340 za dira. Nguzo inataka kuangukia huko, na huko ni katikati kabisa ya waya mbili, jambo ambalo mtu angelitegemea kwa kuwa zinavuta sawa. Waya wa kushikilia lazima uvute kinyume chake, nyuzi 160, kwa sehemu mlalo ya niutoni 1,368.

Lakini waya huo unakwenda ardhini, hivyo nao ni wa mshazari, safari hii kati ya mlalo na wima. Kwa urahisi tuchukulie umefungwa kimo kilekile cha nyaya za umeme. Ukikutana na ardhi kwa nyuzi 45, mkazo wake lazima uwe 1,368 ukigawanywa kwa kosini ya 45, karibu niutoni 1,935. Sehemu yake ya wima ni niutoni 1,368, na hiyo inaikandamiza nguzo ndani ya shimo lake. Nafasi ikiwa finyu, fundi akaingiza waya karibu na nguzo hata ukasimama kwa nyuzi 60, kazi ya mlalo haijapungua: bado zinatakiwa 1,368. Kosini ya 60 ni nusu, hivyo mkazo unapanda hadi niutoni 2,736, na mkandamizo wa kwenda chini unakuwa karibu 2,370. Waya umekazika zaidi, nanga yake ardhini inang'olewa kwa nguvu zaidi, na nguzo inadidimizwa zaidi, yote kwa kuokoa hatua chache za ardhi. Nguzo za kona zilizoinama kuelekea ndani ya kona mara nyingi zina waya wa namna hii, au waya uliolegea, au hazina kabisa.

Mahali pamoja kani zinaachana na miendo. Miendo haijali mahali inapochorwa, lakini kani hujali mahali zinaposhika. Katika nguzo nyaya zote zilichukuliwa kuwa zinakutana kwenye nukta moja, na safu zilitosha. Mikono miwili ikisukuma usukani wa lori kwa niutoni 40 kila mmoja, wa kushoto kwenda juu na wa kulia kwenda chini, safu ya wima ni sifuri na ya mlalo ni sifuri, na bado usukani unazunguka. Safu mbili zinasema tu kwamba usukani hautahama mahali pake. Kujua kama utazunguka kunahitaji hesabu ya tatu, ambayo huzidisha kila kani kwa umbali wake kutoka kwenye mhimili: niutoni 40 kwa sentimita 20 za kila upande, zote zikizungushia upande mmoja, ni niutoni-mita 16.